Kipindi cha Michezo Mabati Yakinguruma

Mvua ikikatiza kipindi cha michezo, shule nyingi hufanya jambo lile lile: mwalimu anaandika ubaoni faida tano za michezo, watoto wananakili. Faida ya kwanza huwa ni kujenga afya. Wanaiandika wakiwa wamekaa watatu watatu kwenye dawati, magoti yamekunjwa, kwa dakika 40. Sina ugomvi na anayefanya hivyo, maana najua kinachomfikisha hapo. Nafundisha kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Bukoba, ambako mvua ya mwaka hufikia kama milimita 2,000, na Aprili inaweza kwisha uwanja haujakauka hata wa kuchora mistari. Ukisema usubiri jua, masika yote yatapita bila kipindi.

Mtu akiniuliza ugumu wa kufundisha michezo ndani ya darasa, hudhani nitalalamikia nafasi. Nafasi ni tatizo la pili. La kwanza ni kelele. Madarasa yetu yameezekwa bati tupu, hayana dari, na mvua ya ziwani ikishuka kwa nguvu unaweza kumsemesha mtoto aliye hatua mbili mbele yako naye akaona midomo yako tu. Filimbi inasikika kidogo, lakini ndani ya kuta nne inaumiza masikio kuliko inavyoamrisha. Kupiga makofi hakuna maana. Mwalimu anayejaribu kushindana na mabati kwa koo lake atakuwa amekauka sauti kabla ya kipindi cha tatu, na watoto, wakiona anapiga kelele, nao watapiga kelele ili wasikilizane. Hapo ndipo vurugu zinapoanzia, wala si kwenye utundu wao.

Kwa hiyo somo la siku ya mvua hufundishwa kwa macho. Darasa langu lina ishara nne na hazizidi. Mkono mmoja juu, vidole vimenyooka: simama ulipo. Mikono miwili juu ya kichwa: kaa chini. Mkono unaochora duara hewani: vikundi vibadilishane. Vidole vinavyooneshwa kimoja kimoja: anza kuhesabu. Ishara hizi nazifundisha mwezi Januari, siku ya jua, uwanjani, maana hakuna awezaye kuzieleza mvua ikiwa imeshashika kasi. Kila anayeona mkono umepanda naye anapandisha wake, ili aliye nyuma ambaye hanioni amwone mwenzake. Darasa la tano wakishazoea, wanatulia wote kabla sijamaliza kuvuta pumzi mbili.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni mahali pa kusimama. Siku ya mvua umeme mara nyingi umekatika na mawingu yamefunga, kwa hiyo mwanga pekee ni ule wa madirishani. Ukisimama na dirisha mgongoni, watoto wanaona kivuli cheusi chenye mikono; kidole kimoja na vidole vitatu havitofautiani. Simama pembeni, mwanga ukupige usoni na kifuani. Kama umevaa koti jeusi la mvua, livue.

Sasa twende kwenye nafasi, na nitatumia darasa langu lenyewe. Chumba kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, yaani mita za mraba 63. Wanafunzi ni 63. Ni mita moja ya mraba kwa kila mtoto, kabla hujahesabu dawati hata moja. Madawati ni 21, kila moja lina upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 90 pamoja na benchi lake. Ukiyasukuma yote nyuma yakae matano matano kwa safu, yanakula nusu ya chumba, mita 4 na nusu kutoka ukuta wa nyuma, na kunabaki kinjia cha mita moja cha kupita katikati. Mbele kunabaki sakafu ya mita 4 na nusu kwa 7. Hapo hawatoshi watoto 63. Wanatosha 21, katika mistari mitatu ya watoto saba.

Piga hesabu tena uone: mistari ya saba katika upana wa mita 7 maana yake kila mtoto ana mita moja kulia kwenda kushoto. Mtoto wa miaka kumi na moja akinyoosha mikono pande zote mbili anahitaji karibu mita moja na nusu. Lakini mbele na nyuma ana mita moja na nusu pia. Hivyo katika chumba hiki mikono huenda mbele na juu, haiendi pembeni. Sentensi hiyo moja imepunguza ngumi za bahati mbaya kuliko maonyo yote niliyowahi kutoa. Chumba chako kikiwa na vipimo vingine, hesabu itatoa jibu lingine, ila ifanye siku moja kwa futi au kwa hatua zako, kisha uiandike kwenye andalio la somo.

Kusogeza madawati ndiko kunakoua kipindi. Nimeona darasa likimaliza dakika 15 kwa kazi hiyo tu, kwa sababu walianza na safu ya mbele, wakakwama katikati. Huanzwa na safu ya nyuma, inayokwenda kugusa ukuta. Inayofuata inaigusa hiyo, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho. Kila dawati linabebwa na wenye nalo watatu. Linanyanyuliwa, haliburutwi, maana dawati linaloburutwa huchomoa misumari yake na linaacha kidole cha mguu cha mtu chini ya benchi. Viganja vinashika chini ya ubao, si baina ya dawati na dawati. Hatupandishi dawati juu ya jingine hata kama nafasi ingeongezeka. Kwa utaratibu huu inachukua dakika nne, na hizo nne ndizo kupasha mwili moto. Sihitaji kuwakimbiza tena mahali pamoja.

Sakafu ndiyo ninayoikagua mwenyewe, simwachii kiranja. Saruji iliyolainishwa ikipata maji na tope la viatu inakuwa telezi. Mlangoni tunatandika gunia, wanafuta miguu. Walio na soksi wanavua, kwa sababu soksi kwenye saruji ni hatari kuliko mguu mtupu. Nikipitisha unyayo na ukateleza, mtoto mmoja anapiga deki, mwingine anafuata na kitambaa kikavu. Bati likiwa linavuja, mahali pa ndoo panawekwa dawati moja ili pasipitiwe. Masweta yaliyolowa yanavuliwa na kutundikwa. Madirisha ya upande usio na upepo yanabaki wazi, hata kama baridi inaingia, kwa kuwa watoto 63 wanaohema ndani ya chumba kilichofungwa wanakifanya kizito ndani ya dakika chache, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuumia.

Nimesema wanatosha 21 sakafuni. Je, hao 42 wengine? Hapa ndipo kipindi kinaposimama au kuanguka, na hapa ndipo mvua imenifunza jambo ambalo nimelibeba hadi nje ya shule. Mtoto aliyeambiwa "subiri zamu yako" hukaa kimya kwa kadiri ya dakika moja. Mtoto aliyeambiwa "mwangalie yule, nami nitakuuliza ulichokiona" anakaa kipindi kizima. Nilikuwa nikidhani subira ni tabia ya mtu, wengine wamejaliwa na wengine wamenyimwa. Siku hizi naamini subira nyingi ni suala la kazi: mtu akiwa na kitu mahususi cha kutazama, kusubiri kwake si kusubiri tena. Nimewaona watu wazima kwenye foleni ya zahanati wakigombana, na foleni hiyo hiyo ikatulia pale muuguzi alipowaomba waliotangulia wawasaidie wazee kujaza fomu.

Kwa hiyo kila mtoto aliye sakafuni ana wenzake wawili kwenye madawati. Mmoja anahesabu. Wa pili anatazama kitu kimoja tu. Zoezi langu ninalolipenda kwa siku hizi ni kuruka papo hapo na kutua, miruko kumi, halafu kupumzika, mara tatu. Ni zoezi linalojulikana na kila mtu, na karibu kila mtu hutua vibaya. Anatakiwa atue kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kifuate, magoti yakunjike na yaelekee mbele, sawa na vidole vya miguu. Mtoto aliyechoka au asiyezoea hutua magoti yakiingia ndani, karibu yagongane. Kwenye nyasi hilo linasameheka. Kwenye saruji, kila mruko unarudi moja kwa moja kwenye kifundo na goti.

Siku ya jua mimi hukagua kutua kwa sikio. Naambiwa "mwalimu umejuaje nimetua vibaya nawe umetazama huko?" na jibu ni kwamba anayetua vizuri hana kishindo. Mvua inaninyang'anya sikio hilo. Hapo sina budi kutegemea macho, na macho yangu mawili hayawezi kufuata jozi 21 za magoti. Ila madawatini kuna watazamaji 21, na kila mmoja ana magoti mawili tu ya kulinda. Kazi yake ni moja: magoti yakiingia ndani, ananyoosha kidole gumba chini, yakienda mbele, gumba juu. Hazungumzi, kwa sababu hata angezungumza asingesikika.

Kuna msichana mmoja wa darasa la tano, mpole, asiyependa mpira wala rede, ambaye uwanjani hujificha nyuma ya wenzake. Alipewa kumtazama mvulana anayechezea timu ya shule, bingwa wa mbio, anayejua kwamba ni bingwa. Mruko wa kwanza, gumba chini. Wa pili, chini. Mvulana akamkunjia uso. Wa tatu, gumba chini tena, na safari hii msichana akasimama, akashika magoti yake mwenyewe kwa viganja, akayavuta nje, akamwonesha. Mvulana akatazama huku na huko kama kuna anayecheka. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kucheka, kila mmoja alikuwa na magoti yake ya kutazama. Akaruka tena huku ameinamisha macho kwenye miguu yake, akatua taratibu, gumba likapanda. Katika miruko iliyobaki alikuwa akimtazama yule binti kila akitua, kabla hajaruka mwingine.

Nimelifikiria sana tukio lile. Kama ningemwambia mimi, tena kwa sauti, angeitikia "ndiyo mwalimu" na kuendelea vilevile, kwa kuwa amezoea kuambiwa mambo mengi na sauti yangu ni sehemu ya kelele za shule. Sauti humpa mwalimu hisia kwamba ametawala. Ukimya unamlazimisha apange mambo yajiendeshe. Nyumbani nako nimeanza kupunguza maneno. Mke wangu anasema ni uzee.

Baada ya miruko, kikundi cha kwanza kinabaki wima na tunahesabu mapigo ya moyo. Zoezi hili ni kama limetengenezwa kwa ajili ya mvua, kwani mapigo hayasikilizwi, yanaguswa. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinawekwa kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba. Gumba lenyewe halitumiki, lina mapigo yake na litamchanganya. Siku za baridi, mikono ikiwa imepoa, mapigo ya hapo hujificha. Basi kiganja kiwekwe kifuani upande wa kushoto, na baada ya kuruka hakuna asiyeyapata. Mimi natazama saa ya mkononi. Mkono ukishuka wanaanza, ukipanda wanaacha, sekunde 15 kati yake. Wanazidisha kwa nne.

Tunahesabu mara tatu: kabla ya kuanza, mara tu baada ya kazi, na dakika moja baadaye. Tuseme mtoto amepata 22, kisha 35, kisha 27. Maana yake mapigo 88 kwa dakika akiwa ametulia, 140 baada ya kuruka, na 108 baada ya kupumzika dakika moja. Anaandika ubaoni chini ya namba ya dawati lake, bila jina, maana mapigo si mashindano na sitaki mtu acheke namba ya mwenzake. Ninachokitafuta kwenye ubao ni namba mbili za kwanza zinazofanana. Mtoto aliyeandika 20 kabla na 20 baada ya kuruka hajayashika mapigo yake, amekisia. Aliyeandika 60 kwa sekunde 15 amehesabu kitu kingine, pengine matone ya mvua. Hao naenda kuwashika mkono mmoja mmoja. Na yule ambaye namba yake haishuki kabisa baada ya kupumzika, au anayehema kwa mluzi, anakaa karibu na dirisha na harudi sakafuni siku hiyo.

Vikundi vitatu, kila kimoja dakika 8 zikiwemo za kuhesabu, ni dakika 24. Ongeza nne za kusogeza madawati na nne za kuyarudisha, na mbili tatu za kufuta sakafu. Zinabaki chache kati ya zile 40, na hizo tunazitumia kwa mchezo. Watoto hupenda nyama nyama, lakini mchezo ule ni wa kuitikia, na penye mabati yanayonguruma hauchezeki kama ulivyo. Sisi tumeugeuza: kiongozi hataji mnyama, anamwigiza kwa mwili. Akiigiza mbuzi, wanaomla wanaruka. Akiigiza fisi, atakayeruka amekula fisi, anakwenda kukaa. Ugumu wake ni kwamba mtoto anayeigiza bata na anayeigiza kuku hutofautiana kidogo mno, na hapo panazuka mabishano makali yasiyosikika, mikono tu inaruka hewani.

Kuna siku moja ambayo somo hili halifanyiki, nayo ni siku ya radi. Eneo la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, na chumba cha darasa si kinga kamili kama tunavyodhani. Juni 2011, ng'ambo ya mpaka wetu nchini Uganda, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, na wanafunzi 18 wakafa. Jengo lisilo na mfumo wa kupeleka umeme wa radi ardhini linaweza kuupitisha ukutani, kwenye nondo za dirisha na sakafuni. Kwa hiyo ngurumo ikisikika karibu, mazoezi yanafutwa, hakuna anayeshika nondo wala kuegemea, miguu mitupu inarudi kwenye viatu, na wote wanakaa katikati ya chumba juu ya madawati, miguu imenyanyuliwa kutoka sakafuni. Tunahesabu tangu ngurumo ya mwisho hadi zipite dakika 30. Siku hizo, nakubali, faida tano za michezo zinaandikwa ubaoni.

Na hata siku isiyo na radi, kuna kitu ambacho chumba hakiwezi kutoa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Katika kipindi changu cha mvua, kila mtoto anaruka na kuchuchumaa kwa dakika sita au saba za kweli. Zilizobaki anatazama, anahesabu, anahama. Anajifunza kutua, kusawazisha mwili, kuujua moyo wake. Hajifunzi kukimbia mbali. Pumzi ya kukimbia inataka umbali, na mita 4 na nusu hazina umbali. Mtoto aliyekaa masika yote ndani ya darasa atarudi uwanjani Juni akiwa anatua vizuri lakini anahema mzunguko wa kwanza tu.

Ndiyo maana nimepatana na mwalimu wa hisabati wa darasa la tano. Mvua ya huku mara nyingi hupumua katikati ya asubuhi, jua likatoka kwa saa moja hivi kabla mawingu hayajarudi kutoka ziwani. Likitoka ndani ya kipindi chake, ananiachia, nawapeleka kukimbia barabara ya changarawe inayozunguka shule, kwa kuwa uwanja bado ni tope. Yeye anachukua kipindi changu cha alasiri, mvua ikiwa imerudi, na anazikuta namba za mapigo ubaoni, anazitumia kufundishia wastani. Mwalimu mkuu anajua na amekubali, mradi ratiba ya wiki itimie. Linalobaki ni hesabu ya vipindi, maana kwenye daftari lake mimi ndiye ninayedaiwa, na kwenye langu anayedaiwa ni yeye.